Neti ya Dawa Haifuliwi Kama Shuka

KWALE – Katika nyumba nyingi za kaunti hii, siku ya kufua ni Jumamosi. Shuka zinaingia karaini, foronya zinafuata, na neti nayo inavuliwa pale juu ya kitanda ioshwe pamoja nazo. Nyumba inabaki safi, lakini dawa iliyo kwenye neti inapungua kila wiki.

Neti zinazogawiwa bila malipo huja na dawa tayari kiwandani. Kuna zilizochanganywa dawa ndani ya uzi wenyewe, na kuna zilizopakwa juu ya uzi kwa gundi maalumu. Mbu akitua kutafuta njia ya kuingia, miguu yake hugusa dawa na hufa au huishiwa nguvu. Neti inapofuliwa, dawa iliyo juu ya uzi huondoka na maji, kisha nyingine iliyohifadhiwa hupanda taratibu kuchukua nafasi yake. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na akiba hiyo ina mwisho.

Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba neti ya aina hii iwe bado inaua mbu baada ya kufuliwa mara 20 kwenye maabara, na ihudumu miaka 3 nyumbani. Hesabu ni nyepesi. Anayefua mara moja kila miezi 3 atakuwa amefua mara 12 katika miaka hiyo. Anayefua kila Jumamosi atafikisha mara 20 kabla ya miezi 5 kwisha, na mtoto atalala ndani ya kitambaa kilichobakiwa na dawa kidogo mno. Vumbi na moshi kidogo haviiharibu neti, na rangi kupauka si dalili kwamba dawa imekwisha. Kukung'uta nje kunatosha kati ya ufuaji mmoja na mwingine.

Siku ya kufua ikifika, tumia maji baridi na sabuni ya mche, ile ya kipande. Sabuni ya unga na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ni kali, nazo hula dawa ya neti. Usiiloweke usiku kucha, usiisugue juu ya jiwe, wala usiikamue kwa kuinyonga. Ifikiche polepole kwa viganja, isuuze, kisha iache ichuruzike.

Maji yaliyofulia yamwagwe chooni, kwenye choo cha shimo, au kwenye shimo lililo mbali na kisima na mifugo. Yasimwagwe mtoni wala kwenye bwawa, kwa sababu dawa hii ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Ndiyo maana pia neti haifuliwi mtoni.

Kuanika ndiko wengi hukosea. Jua kali huivunja dawa, kwa hiyo neti ianikwe kivulini: chini ya mwembe, barazani, au hata ndani ya nyumba dirisha likiwa wazi. Kamba iwe mbali na miiba na seng'enge. Ikikauka, ifungwe kitandani jioni ileile. Hata kabla dawa haijapanda vizuri, neti nzima bado ni ukuta.

Kabla ya kuifunga, itandaze mbele ya mwanga na utafute matundu. Mengi huwa sehemu ya chini, pale inapochomekwa chini ya godoro na kukwaruzwa na mbao au msumari wa kitanda. Mengine ni ya panya au cheche za koroboi. Wataalamu huyapima kwa kidole gumba, ngumi na kichwa. Katika hesabu yao, tundu moja la ukubwa wa ngumi ni sawa na matundu 23 ya kidole gumba, na la ukubwa wa kichwa ni sawa na 196. Kwa hiyo tundu dogo likishonwa leo, kazi ni ya dakika chache. Likiachwa, uzi huendelea kufumuka.

La kidole gumba, kusanya kingo zake uzifunge fundo au upitishe sindano na uzi. La ngumi, kata kiraka kutoka neti kuukuu, kiwe kikubwa kuliko tundu pande zote, ukishone kwenye sehemu iliyo nzima. Kingo zilizoungua huwa ngumu na hukatika, basi zikate kwanza. Kisha tazama kitanda chenyewe: msumari uliotoboa ukibaki, utatoboa tena.

Neti iliyojaa matundu ya ukubwa wa kichwa haifai tena kulalia, ingawa sehemu zake nzima zafaa kwa viraka. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini anaweza kukueleza utapata wapi nyingine. Akina mama wajawazito na watoto wa chini ya mwaka mmoja hupewa kliniki bila malipo.