Mwana Yupi, Mjomba Yupi?

"Namruhusu mwanangu asafiri na mjomba wake." Jirani yangu wa Voi aliniletea sentensi hiyo niisahihishe, kabla ya mtoto kwenda Moshi kupitia mpaka wa Taveta na Holili. Kisarufi haina kosa. Lakini afisa wa uhamiaji atauliza: mwana yupi, mjomba yupi, hadi lini? Basi tukaandika jina la mtoto kama lilivyo katika cheti cha kuzaliwa, jina la mjomba na nambari ya kitambulisho chake, mahali waendako, tarehe ya kurudi na simu ya mama. Mama akatia sahihi mbele ya wakili. Tukaambatisha nakala ya cheti, kwani sahihi pekee haithibitishi uzazi. Wala barua si hati ya kusafiria. Mtoto huhitaji yake.