Si Kila Kutapika ni Ada ya Mimba

Hapa Gesima, mwalimu mwenzetu mwenye mimba ya wiki tisa aliambiwa na wote, nami nikiwemo, kwamba kutapika ni ada ya mimba changa. Nakiri kwamba tulimkosea.

Kichefuchefu cha kawaida huja na kuondoka. Mama hutapika, kisha akala ndizi, akanywa chai, na uzito wake haupungui sana. Mwenzetu hata maji hayakukaa tumboni. Alikuwa na kilo 60. Majuma mawili baadaye mizani ilionyesha 56. Anayepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake kwa kutapika ni mgonjwa, naye alikuwa amepoteza karibu 7. Mkojo wake ulikuwa haba, wenye rangi ya chai isiyotiwa maziwa, na kila aliposimama alishikwa na kizunguzungu. Mwili ulikuwa umekauka maji.

Hospitalini hawakuanza na maji ya glukosi, jambo lililonishangaza. Daktari alieleza kwamba atapikaye kwa majuma huweza kuishiwa na vitamini B1, ambayo mwili huihitaji ili kuitumia sukari; glukosi ikitangulia, ubongo waweza kudhurika. Hivyo damu ilipimwa, akatundikiwa maji ya chumvi yaliyoongezwa potasiamu, akapewa B1 na dawa ya kuzuia kutapika.

Siku ya tatu alikunywa uji, kijiko kwa kijiko. Wiki iliyofuata kutapika kulirejea. Safari hii hatukuingoja mizani.