Siku Saba Kabla ya Kufunga Tiketi: Jinsi ya Kutangaza Warsha Yako ya Mtandaoni

Je, unapanga kufundisha watu mtandaoni kwa malipo? Huenda unajua kusuka, kutengeneza sabuni, kupamba keki au kujaza fomu za ushuru, na umeona wengine wakiuza tiketi kwa posti za kuhesabu siku: "zimebaki siku 3", "zimebaki saa 5". Posti hizi huuza vizuri. Lakini pia zinaweza kukufukuzia wateja, hasa kama siku unazohesabu hazielekei kwenye kitu cha kweli.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Tuseme wewe ni mwoka keki pale Thika na unataka kufundisha upambaji wa keki kwa video, Jumamosi tarehe 7 Machi, saa 4 asubuhi. Tiketi ni KSh 1,200. Kila mwanafunzi atatumiwa kifurushi chenye mifuko ya kuminyia krimu na vile vidomo vya chuma vya kuchorea maua. Kifurushi kimoja kinakugharimu KSh 550 pamoja na usafiri. Umenunua vifaa vya watu 20.

Tafuta kwanza sababu ya kufunga

Kabla ya kuandika posti hata moja, jiulize: kwa nini tiketi zifungwe siku hiyo na si nyingine? Kwa mfano wetu jibu liko wazi. Vifurushi lazima viondoke Ijumaa asubuhi kwa ofisi za vifurushi za matatu ili vifike Nakuru, Kisumu na Mombasa kabla ya Jumamosi. Kwa hivyo lazima ujue majina yote Alhamisi usiku. Hiyo ndiyo tarehe ya mwisho, na mteja akiuliza "kwani ni lazima leo?" unaweza kumjibu kwa sentensi moja.

Kama warsha yako haina vifurushi, tafuta sababu nyingine iliyo ya kweli: unataka kupitia kazi ya kila mwanafunzi mapema, au unaweza kuhudumia watu 15 tu kwa saa mbili. Ukikosa sababu kabisa, usihesabu siku. Uza tiketi kawaida hadi siku ya darasa. Kumwambia mteja nafasi zimebaki 2 ilhali una 12 ni kumdanganya, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 hapa Kenya inahesabu kauli za uongo kwa mteja kuwa mwenendo usio wa haki.

Andika saa isiyoleta ubishi

Hapa ndipo wengi hukwama. "Mwisho ni Alhamisi saa sita usiku." Ni ule usiku wa kuamkia Alhamisi, au wa kuamkia Ijumaa? Wateja wawili watakupa majibu mawili. Tena mmoja akisoma "saa 8" anafikiria saa nane mchana na mwingine anafikiria saa mbili usiku, kwa sababu Wakenya wengi huchanganya saa za Kiswahili na za Kiingereza kwenye mazungumzo yaleyale.

Andika hivi: "Mwisho ni Alhamisi tarehe 5 Machi, saa 2 usiku (20:00)." Weka siku, tarehe na saa kwa njia zote mbili. Na usiandike "kesho" au "leo" peke yake kwenye posta. Status ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24, lakini picha ya skrini haitoweki. Mtu akiitumia kwenye kundi la chama siku mbili baadaye, "kesho" yako itakuwa imekuwa uongo bila wewe kujua.

Kwa nini saa 2 usiku na si usiku wa manane? Kwa sababu malipo mengi huja saa za mwisho, na maswali huja nayo. Mteja akikosea tarakimu moja au mtandao ukisumbua, unataka wewe uwe macho na yeye pia awe na mtu wa kumsaidia.

Lipa wewe kwanza

Siku moja kabla ya posti ya kwanza, chukua simu ya mtu wa nyumbani na ulipe kiasi kidogo kwa nambari yako ya Till, ukifuata maelezo ya posta yako neno kwa neno. Angalia jina linalotokea. Kama duka lako ulilisajili miaka mingi iliyopita kwa jina lingine, mteja anayejua jina la keki zako ataona jina geni, atashtuka na kuacha. Dawa yake ni kuandika kwenye posta: "Ukilipa utaona jina hili…" kisha uliandike jina kamili kama linavyotokea.

Fungua pia daftari au jedwali kwenye simu lenye safu nne: jina, nambari ya simu, kodi ya muamala na saa ya malipo. Till haina sehemu ya mteja kuandika anacholipia, kwa hivyo pesa ya tiketi itaingia pamoja na pesa ya keki za kawaida. Mwombe kila anayelipa akutumie kodi ya muamala na mji anakotaka kifurushi kifike. Kisha tafuta kodi hiyo kwenye taarifa yako mwenyewe ya malipo. Usiandikishe mtu kwa picha ya skrini wala kwa ujumbe uliotumwa na mteja, maana ujumbe wa malipo ni rahisi kughushi. Ukituma kifurushi kimoja kwa mtu ambaye hakulipa, umepoteza KSh 550, na faida ya mteja mwingine karibu yote imekwenda.

Posti tano, kila moja na kazi yake

Kosa la kawaida ni kurudia posta ileile kila siku ukibadilisha nambari tu. Mtu akichoka anakunyamazisha kwenye Status, na WhatsApp haikuambii. Bora posti chache, kila moja ikijibu jambo lililomzuia mtu kulipa jana.

*Siku 7, Alhamisi tarehe 26 Februari.* Tangaza yote: mwanafunzi ataweza kufanya nini akimaliza, bei, anachopata, jinsi ya kulipa na saa ya mwisho. Usifiche bei ukingoja watu waulize. Ukiona watazamaji 150 na maswali 20 ya "ni ngapi?", ujue posta haikufanya kazi yake.

*Siku 5, Jumamosi tarehe 28.* Onyesha kifurushi kwa video fupi, ukichora ua moja kwa kidomo kimoja. Tumeweka posti hii mwisho wa mwezi kwa makusudi, kwa kuwa wengi waliokuwa na nia wamepata mshahara.

*Siku 3, Jumatatu tarehe 2 Machi.* Jibu maswali. Simu inatosha au ni lazima kompyuta? Bando kiasi gani? Mwambie ukweli: video ya kundi inaweza kula GB 1 au zaidi kwa saa, kwa hivyo saa mbili zinahitaji bando la kutosha au waifai. Nikikosa kufika, kuna rekodi? Wachache wakijiandikisha itakuwaje? Kwa mfano wetu: wakiwa chini ya 8, kila mtu anarudishiwa pesa zote Ijumaa. Liseme sasa, si baadaye.

*Siku 1, Jumatano tarehe 4.* Taja nafasi zilizobaki, kutoka kwenye daftari: "Waliolipa ni 13. Vifurushi vimebaki 7." Nambari halisi isiyo ya kupendeza inaaminika kuliko "nafasi chache sana".

*Siku yenyewe, Alhamisi tarehe 5.* Weka posti asubuhi, na nyingine saa 11 jioni watu wakiwa njiani kwenda nyumbani: "Zimebaki saa 3. Tunafunga saa 2 usiku kwa sababu vifurushi vinaondoka kesho Ijumaa tarehe 6 asubuhi. Ukilipa na usipate ujumbe wa kuthibitisha, usilipe mara ya pili. Tupigie kwanza."

Siku zilizo katikati, weka kazi zako za kawaida bila kuuza. Na ukitumia orodha ya matangazo ya WhatsApp, kumbuka ujumbe huwafikia tu wale waliohifadhi nambari yako, na orodha moja hubeba watu 256. Ukishaandikisha mtu, mtoe kwenye orodha ya wanaohimizwa. Hakuna kitu kinachoudhi kama kulipa Jumamosi kisha kuambiwa Alhamisi "bado hujachelewa".

Saa 2 na dakika 3

Sasa saa imefika. Una 17. Mteja mmoja analipa saa 2 na dakika 3. Mwingine anaandika: "Naomba nitumie asubuhi, nangoja pesa."

Kwa wa kwanza, saa ya muamala imeandikwa kwenye taarifa yako, kwa hivyo hakuna ubishi ni lini amelipa. Kinachobaki ni kanuni uliyotangaza. Tunapendekeza useme mapema kuwa malipo ya baada ya saa 2 yatarudishwa usiku huohuo, na ada ya kutuma ni juu yako. Kwa wa pili, mpe nafasi ya kwanza kwenye darasa lijalo.

Vifaa vitatu vimebaki na kishawishi ni kikubwa: "Tumeongeza siku moja kwa maombi ya wengi!" Kabla hujaandika hivyo, fikiria wale 17. Walikopa, waliahirisha matumizi mengine, walilipa kwa wakati kwa sababu waliamini neno lako. Ukiongeza siku, wamejifunza kwamba kungoja hakuna hasara, na darasa lako la pili watangoja wote mpaka dakika ya mwisho, kisha wapite nayo. Ongeza muda tu kama kosa halikuwa la mteja, kwa mfano huduma ya malipo ikikatika jioni hiyo. Hapo sema sababu, na utaje saa mpya.

Kwa hivyo saa 2 na dakika 5, weka posti ya mwisho: "Tumefunga. Wanafunzi 17. Vifurushi vinaondoka kesho Ijumaa tarehe 6 asubuhi, mtatumiwa nambari ya kifurushi." Ondoa maelezo ya kulipia kwenye Status na kwenye wasifu wako. Vile vifaa vitatu havitaharibika, vihifadhi kwa darasa la Aprili. Kisha keti na daftari, linganisha kila jina na kodi yake, uandike anwani 17 kabla ya kulala.