Namba Mbaya Itangulie

Kila mwisho wa mwezi kampuni ya matangazo ya mtandaoni humwandikia mteja wake baruapepe ya ripoti. Kampeni ikifikisha lengo, ripoti hujiandika yenyewe. Isipofikisha, wengi huanza na idadi ya walioona tangazo na walioweka alama ya kulipenda, kisha namba aliyoilipia mteja wakaiweka mwishoni. Mteja ataitafuta tu, na akiikuta imefichwa, atazishuku na zile nyingine.

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuza viwanja wa Kigamboni ametenga shilingi 3,000,000 za matangazo ya Fesibuku na Instagramu kwa mwezi Mei. Lengo ni wateja watarajiwa 300, yaani watu waliojaza fomu na kuacha namba ya simu. Hesabu ilikuwa hivi: kila anayebonyeza tangazo atagharimu shilingi 500, kwa hiyo watabonyeza 6,000, katika kila 100, watano watajaza fomu. Mwezi umeisha, waliojaza ni 180.

Baruapepe yake ianze hivi:

“Ndugu Meneja, salaam. Mwezi Mei tumepata wateja watarajiwa 180 kati ya 300 tuliokubaliana. Fedha yote, shilingi 3,000,000, imetumika, hivyo kila mmoja amegharimu takriban shilingi 16,700 badala ya 10,000.”

Sentensi hizo hazina kisingizio wala majuto marefu. Heri zaidi mwandishi awe amempigia simu meneja kabla ya kuzituma, ili baruapepe ithibitishe habari badala ya kumshtua.

Kazi ngumu ni sababu. “Soko lilikuwa gumu” si sababu mpaka namba ziseme hivyo. Soko likiwa gumu, kwa kawaida bei ya kubonyezwa tangazo hupanda, kwa kuwa watangazaji wengi wanagombania macho yale yale. Hapa bei ilibaki shilingi 500 na waliobonyeza walitimia 6,000. Ukurasa nao ungekuwa mzito kufunguka, waliobonyeza wangekuwa wengi kuliko waliofika kwenye ukurasa. Tofauti hiyo haikuonekana. Basi tangazo lilifanya kazi yake, na watu walipotea mbele ya fomu.

Sasa mwezi ukatwe vipande viwili. Nusu ya kwanza walibonyeza 3,000, wakajaza 150: watano katika kila 100. Nusu ya pili walibonyeza 3,000 vilevile, wakajaza 30 tu: mmoja katika kila 100. Kitu gani kilibadilika katikati? Tarehe 16 fomu iliongezewa swali la namba ya NIDA, kwa ombi la idara ya mauzo iliyochoshwa na watu wasio na nia ya kununua.

Hapo kuna kishawishi cha kumtupia mteja lawama. Lakini kampuni ndiyo iliyoweka swali hilo bila kulijaribu kwanza kwa watu wachache, na ikagundua athari yake tarehe 26. Yote mawili yaandikwe, kila moja kwa sentensi moja.

Haki inadai pia kuuliza kama idara ya mauzo ilikuwa sahihi. Katika wale 150, waliokwenda kukagua viwanja ni 15. Katika wale 30, ni sita. Ni kweli swali lilichuja, ingawa watu sita ni wachache mno kujengea hoja nzito. Hata hivyo, kila nusu ilitumia shilingi 1,500,000, kwa hiyo mkaguzi mmoja aligharimu shilingi 100,000 kabla ya swali na 250,000 baada yake. Mchujo ulikuwa ghali.

Hatua zinazofuata ziwe chache, kila moja na mwenyewe na siku yake. Swali la NIDA limeondolewa, na idara ya mauzo italiuliza kwa simu. Kampuni itahesabu fomu kila siku. Zikishuka chini ya nne kwa kila 100 waliobonyeza kwa siku tatu mfululizo, itapiga simu siku hiyo hiyo. Mteja naye atatuma kila Ijumaa idadi ya waliofika kwenye viwanja.

Lengo la Juni lisiandikwe 420 ili kufidia pengo la 120. Fedha ile ile kwa bei ile ile huleta 300 mambo yakienda sawa. Kuahidi 280 ni kujiachia nafasi. Wale 120 wanahitaji shilingi 1,200,000 zaidi, na swali la nani azitoe linajadiliwa kwenye ile simu ya kwanza, ripoti ikiwa bado haijatumwa.