Maneno Machache ya Kumuaga Mfanyakazi Mwenzako

Ujumbe wa kumuaga mfanyakazi mwenzako huwa mfupi, sentensi nne au sita zinazotosha kwenye kadi au kwenye simu. Katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki ujumbe huo huanza kwa Kiingereza, lugha ya barua na nyaraka za kazi, kisha mtu huombwa autie Kiswahili. Hapo ndipo joto lake hupotea, kwa sababu maneno hugeuzwa moja moja na matokeo yake husomeka hivi:

"Mpendwa Dada, imekuwa furaha kufanya kazi na wewe. Tutakukosa sana. Bora zote katika ukurasa wako mpya. Kaa katika mawasiliano."

Kila neno hapo ni la Kiswahili, lakini hakuna anayeagana hivyo. "Tutakukosa" humfanya msomaji afikirie mtu aliyetafutwa asipatikane. Mswahili anayeachwa na mwenzake husema atamkumbuka, au kwamba ofisi itapwaya. "Bora zote" ni "kila la heri", na badala ya kuambiana kukaa katika mawasiliano, watu huambiana "tusipoteane" au, kwa wanaopendana, "usitutupe".

Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili, pale mfasiri anapotafuta maneno mazito ili ujumbe upendeze. Kiswahili kina msamiati mpana wa kuagana na marehemu, na mpaka kati yake na kuagana na walio hai ni mwembamba. "Buriani" zamani iliwafaa hata wasafiri wa mbali walioombana radhi kabla ya kuondoka, lakini leo msomaji wa magazeti huikuta zaidi juu ya picha ya aliyefariki. "Umetutoka", "umeacha pengo lisilozibika" na "tutakukumbuka daima" nazo zimezoeleka katika matangazo ya vifo. Mtu anayehamia tawi jingine akisomewa maneno hayo mbele ya wenzake, ukumbi hugeuka matanga. Njia rahisi ya kupima ni kuusoma ujumbe kwa sauti bila jina la mhusika: msikilizaji akiuliza amefariki lini, uandikwe upya. "Kwaheri ya kuonana" haina shida hiyo, kwa kuwa yenyewe inaahidi kukutana tena.

Kuna pia jambo ambalo rasimu ya Kiingereza aghalabu haina, na mfasiri mzuri huliongeza: kuombana radhi. Watu waliofanya kazi pamoja wamekwaruzana, na desturi ni kuachana mioyo ikiwa safi. Sentensi moja inatosha. Haitaji kosa wala haijitetei, maana ikianza kueleza nani alimkosea nani, inafufua ugomvi badala ya kuuzika.

Tuseme anayeaga ni mhasibu wa Dar es Salaam aliyepata uhamisho kwenda Mwanza, na wanaomwandikia ni wa rika lake. Rasimu ile ikifikiriwa upya kwa Kiswahili huweza kuwa hivi:

"Dada yetu, mwisho wa mwaka wa fedha, hesabu zilipogoma kulingana, ulikaa nasi mpaka usiku na hukunung'unika. Asante kwa hilo na kwa mengine mengi. Ofisi itapwaya bila wewe. Tulipokukosea, utuwie radhi. Tunakutakia kila la heri Mwanza, na ukishazoea sato wa huko, usitutupe. Wenzako wa uhasibu."

Kinachoubeba ujumbe huu ni ule usiku wa hesabu. Kumwita mtu mchapakazi na mwenye upendo kunaweza kumfaa yeyote, lakini tukio moja la kweli humhusu yeye peke yake. Nafsi nayo haiyumbi: kwa kuwa kadi ni ya wengi, ni "tu" tangu mwanzo hadi mwisho. Kadi inayoanza na "nakushukuru" na kumaliza na "tunakutakia" huonyesha kwamba imeunganishwa kutoka vipande viwili.

Mstaafu huandikiwa tofauti. Katika utumishi wa umma Tanzania mtu anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na hulazimika akifika 60, hivyo wengi wa wanaomwandikia ni wadogo zake au wanawe kwa umri. Ataitwa Mzee, Mama au Mwalimu, "shikamoo" itatangulia, na hongera ya kumaliza utumishi salama itakuja kabla ya masikitiko. Hatakiwi mafanikio katika kazi mpya, bali afya njema, na huombwa asichoke kuwashauri waliobaki.

Aliyepunguzwa kazini hapewi hongera wala haulizwi anakwenda wapi. Kwake shukrani hubaki, tukio la kweli hubaki, na dua kama "Mungu akufungulie milango" huchukua nafasi ya safari njema.