Siagi Iingie Mwisho

Mara ya kwanza nilipojaribu kuoka brioshi nilifuata mazoea ya maandazi. Nilitia kila kitu kwenye bakuli kwa mkupuo mmoja, pamoja na siagi niliyoiyeyusha jikoni, nikaanza kukanda. Baada ya nusu saa nilikuwa na uji mzito unaong'aa mafuta, na mkate uliotoka kwenye oveni ulikatika kama keki iliyogoma kuumuka.

Brioshi ni mkate wa Wafaransa, na hutajwa sana pamoja na Normandi, nchi ya ng'ombe na siagi. Maji yake karibu yote hutoka kwenye mayai, na siagi yaweza kufika nusu ya uzito wa unga. Siagi hiyo ndiyo inayoufanya mkate uwe laini, na hiyo hiyo ndiyo inayoharibu kazi ikiwahi kuingia. Protini za unga wa ngano zikilowa na kukandwa hushikana zikawa nyuzi zinazovutika, yaani gluteni, na nyuzi hizo ndizo zinazofunga hewa ya hamira ndani ya mkate. Mafuta yakizitangulia huzipaka protini, zikashindwa kushikana. Kwa hiyo nyuzi hujengwa kwanza, siagi hufuata.

Kwa mikate miwili mimi hupima unga wa mkate gramu 500, mayai matano makubwa, maziwa gramu 50, sukari 60, chumvi 10, hamira ya chembechembe 7 na siagi 250. Nasema siagi ya maziwa, si majarini ambayo wengi wetu tumezoea kuiita siagi. Mayai na maziwa hutoka moja kwa moja kwenye friji, kwa sababu kukanda kwenyewe huzalisha joto, na siagi huanza kulegea vibaya donge likipita nyuzi 25 hivi. Dar es Salaam au Mombasa mwezi Januari, mimi huweka hata unga kwenye friji.

Changanya vyote isipokuwa siagi, ukande kwa mashine kama dakika 10, au kwa mkono dakika 20 za jasho. Donge litanata mwanzoni, usiliongezee unga. Kisha lipime. Chukua kipande cha ukubwa wa ndimu, ukivute taratibu kwa vidole vya mikono miwili huku ukikizungusha. Kikichanika mapema kwa kingo zenye mikwaruzo, endelea kukanda. Kikitandazika kikawa utando mwembamba kiasi kwamba ukikielekeza kwenye mwanga unaona kivuli cha kidole upande wa pili, kama kioo cha dirisha, nyuzi zimekamilika.

Hapo ndipo siagi inapoingia. Iwe ya baridi lakini inayopindika. Mimi huigonga kwa mti wa kusukumia chapati mpaka ilegee bila kuyeyuka. Tia kipande kimoja, kikipotea tia kingine. Katikati ya kazi donge litaonekana limekatikakatika, na ni hapo wengi hukata tamaa. Endelea tu, litarudi kushikana na kuachana na kuta za bakuli. Hatari ya kweli ni mng'ao wa mafuta juu ya donge na ulegevu usiokoma: siagi inayeyuka. Simama, weka bakuli kwenye friji dakika 20 au 30, kisha uendelee. Mwishoni pima tena kwa utando.

Liache donge nje saa moja hivi mpaka lianze kuvimba, lipapase hewa itoke, lifunike vizuri, uliweke kwenye friji usiku kucha. Katika baridi ya nyuzi 4 hamira haifi, ila hufanya kazi polepole, na ladha hupata muda wa kujengeka. Kubwa zaidi, siagi huganda. Jioni donge lilikuwa likining'inia vidoleni. Asubuhi linakatika kwa kisu.

Ligawe lingali baridi. Gramu zake 1,100 na ushei hutoa vidonge 16 vya kama gramu 70, nane kwa kila kopo la mkate, vikiwa viwiliviwili kwa safu. Wafaransa huuita mpango huo Nanterre. Viache viumuke saa mbili hadi tatu, lakini si juani wala karibu na jiko: joto likipita nyuzi 30 siagi huanza kuvuja, na utaikuta imetuama chini ya kopo. Bonyeza kwa kidole; shimo likirudi polepole, paka yai lililopigwa, uoke kwa nyuzi 180 kama dakika 30 hadi 35. Sukari na mayai hukausha rangi mapema, basi juu pakiwahi kuwa kahawia, funika kwa karatasi ya foili, usiutoe. Mkate ulioiva ukiuchana kwa mkono hauvunjiki makombo. Unaachana kwa nyuzi ndefu za manjano.