Mafuriko Ifakara: Kwa nini bima inaweza kukataa kulipa

Tuchukulie mfanyabiashara wa mchele wa Viwanja Sitini, Ifakara, aliyekatia ghala lake bima inayojumuisha mafuriko. Maji yanaingia, kampuni inakataa kumlipa ikidai alificha ukweli.

Kisheria, mwombaji anapaswa kueleza kila jambo analolijua ambalo lingeifanya kampuni makini ikatae kumkatia bima au ipandishe ada. Kwamba Mto Lumemo hufurika, hilo ni jambo linalofahamika na wote. Kampuni haiwezi kulalamika kuwa haikuambiwa. Lakini kwamba ghala hilo lenyewe liliwahi kuingia maji, hilo analijua yeye. Akijibu "hapana" kwenye fomu, ameipa kampuni sababu, hata kama hakukusudia kudanganya.

Afanye nini? Adai barua inayoeleza sababu ya kukataliwa, pamoja na nakala ya fomu. Aangalie kama swali hilo liliulizwa, na nani aliandika jibu. Wakala akijaza kwa niaba yake, saini yake bado yaweza kumbana. Hata hivyo, ni kampuni inayopaswa kuthibitisha kwamba jambo lililofichwa lilikuwa na uzito. Ikishikilia msimamo wake, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, anayetambuliwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.